Mtoto wa miaka 4 anadhani Mungu anaitwa Litukuzwe, nimfundishe sala gani ya kulala?

Mama Tunu (Morogoro)

Habari za jioni wapendwa. Naombeni mawazo yenu. Binti yangu ana miaka 4 na miezi kidogo, tunasali naye Baba Yetu kila usiku tangu hajaongea vizuri na sasa anaisali yote mwanzo mpaka mwisho haruki hata neno, wageni wakija bibi yake anamwambia hebu wasalie wageni, basi sifa kibao. Mimi nilikuwa najua tuko vizuri. Juzi tunakula nikamuuliza tu, Tunu, Mungu anaitwa nani? Akanijibu bila kufikiri, "Litukuzwe". Nikashangaa, nikamuuliza nani kakwambia. Akasema "si tunasema jina lako Litukuzwe?"

Yaani nilikaa kimya. Kwa sababu ukiisikiliza kwa sikio la mtoto ni kweli kabisa. Jina lako Tunu, jina lake Asha, jina lako Litukuzwe. Hajakosea yeye.

Nikaanza kumuuliza na mengine. Mkate wa kila siku akasema ila mama sisi tunakulaga uji asubuhi. Utuopoe maovuni hajui kabisa, anadhani Maovuni ni mahali kama Kihonda. Sasa nataka sala fupi ya kulala, ya Kiswahili, ambayo ataielewa kila neno, lakini sitaki kale ka "Mungu asante lala salama amina" kasikokuwa na kitu ndani. Nataka akisali awe amesali kweli. Mnafundishaje watoto wenu?

Kidagaa

Dada usihangaike, wote tulikariri hatuelewi na leo tunaelewa. Mtoto kichwa chake saizi ni kama sponji, jaza maneno, maana itakuja ukubwani. Mi Salamu Maria niliijua nina miaka 3 na sikujua "umejaa neema" ni nini, nilidhani ni huyo Neema wa jirani. Halafu hiyo utuopoe ni Kiswahili kibovu cha vitabu vya zamani, sahihi ni utuokoe.

Mwl wa Jumapili

Kidagaa, nakubaliana na wewe nusu. Kukariri si kosa na wala Mama Tunu asimwachishe mtoto Baba Yetu, hiyo aendelee nayo maana ndiyo atakayoikuta kanisani akiwa na watu wote, na siku atakayoielewa itakuwa iko mdomoni tayari. Ila opoa si Kiswahili kibovu. Ndoo ikidumbukia kisimani unafanyaje? Unaiopoa. Unashusha kamba yenye ndoano unaivuta juu, yenyewe haiwezi kupanda. Neno limekaa vizuri sana pale, tatizo ni kwamba watoto wa bomba hawajawahi kuona ndoo ikiopolewa. Siku moja nilidumbukiza kikombe kwenye pipa la maji mbele ya darasa nikakiopoa na waya, tangu siku ile hawajauliza tena.

Mama Tunu, mimi nafundisha watoto wadogo kanisani kwetu mwaka wa 14 sasa, wa miaka 3 mpaka 6. Nikwambie ninachofanya. Sianzi na sala, naanza na kumsikiliza mtoto mchana anasemaje. Mtoto wa miaka 4 tayari ana maneno ya kusali, anayatumia kwa watu. Akipewa kitu anasema asante. Akimwaga maziwa anasema nisamehe. Akitaka kitu anasema naomba. Akiogopa anasema njoo ukae na mimi. Hayo ndiyo maneno manne ya sala yote, ukiichukua Baba Yetu ukaipekua utakuta naomba na nisamehe humo humo. Kwa hiyo sala yake ya kulala iundwe na hayo, kwa sarufi yake yeye. Usimpe "litukuzwe" wala "yatimizwe". Hizo za kutendwa zinaweza kumshinda, mtoto amezoea kusikia nani kafanya nini, si kitu "kifanywe" na mtu asiyetajwa.

Na nafasi ya asante usiijaze wewe. Iache wazi, aseme mwenyewe asante kwa nini. Ukimjazia "asante kwa siku njema" atasema hata siku aliyochapwa.

Baba Wawili

Wa kwangu wa kwanza halali kabisa mpaka saa 5 usiku, nimejaribu kuzima tivii mapema, nimejaribu maziwa ya moto, hola. Hii sala itasaidia?

Mama Tunu (Morogoro)

Baba Wawili pole, ila mimi wa kwangu analala vizuri, shida yangu ni maneno ya sala.

Mwalimu asante, nimekuelewa sana. Nimejaribu jana usiku kuandika, naomba mnikosoe:

Mungu Baba, asante kwa … (anataja)
Nisamehe nilipokosea.
Walinde mama na baba na bibi.
Mimi nalala, wewe hulali. Amina.

Huo mstari wa mwisho nimeutoa kwenye Zaburi ya 121, ile "hatasinzia wala hatalala usingizi". Nimeupenda mno kwa sababu yeye huwa ananiuliza, mama ukilala nani ananiangalia.

Bin Pwani (Pangani)

Assalam alaykum. Mimi ni Muislamu ila naomba kuchangia maana jambo hili na kwetu lipo. Mama Tunu huo mstari wako wa mwisho na sisi tunao, kwenye Ayatul Kursi tunayosoma kabla ya kulala, kwamba Mwenyezi Mungu hashikwi na kusinzia wala kulala. Kwa hiyo umechagua neno zito.

Lakini angalia kitu kimoja. Mimi nilimfundisha mwanangu hivyo hivyo kwa Kiswahili, "Mungu halali", naye akaniambia baba, kama nyama? Kwa sababu nyumbani kila siku anasikia nyama halali, kuku halali. Kwa maandishi ni neno lile lile na kwa kulisikia pia ni lile lile. Ilibidi nikae nimweleze.

Mama Tunu (Morogoro)

Sheikh alaykum salam, asante sana, hiyo sikuifikiria kabisa! Mimi nimeandika hulali, si halali, nadhani imenusurika.

Mwl wa Jumapili

Haijanusurika, Mama Tunu, ngoja. Mwambie Tunu aiseme mara tano alafu usikilize herufi ya mwisho.

Mama Tunu (Morogoro)

Mwalimu shikamoo. Nimerudi. Mara ya kwanza kasema hulali, ya pili hulala, ya tatu hulala, zilizobaki zote hulala. "Mimi nalala, wewe hulala." Yaani nimemfundisha mwanangu kwamba Mungu kazi yake kulala.

Mwl wa Jumapili

Marahaba. Ndiyo hivyo. Hulali ni wewe hapana, hulala ni desturi ya kila siku, tofauti yake ni irabu moja tu ya mwisho na mtoto ametoka kusema nalala, mdomo wake unafuata alikotoka. Watoto wa miaka 4 kukanusha kunaweza kuwasumbua hasa neno likiwa limefungwa mbele na nyuma namna hiyo. Huchoki na huchoka, husinzii na husinzia, zote zitafanya hivyo hivyo. Nimejifunza kwa kukosea, kuna mwaka darasa zima lilisali "Bwana wewe hutuacha" badala ya hutuachi, kwenye sikukuu, mbele ya wazazi. Nilitamani niwazibe midomo.

Dawa yake ni kuacha ule ukanushi. Lisemwe kwa kukubali. Mtu asiyelala yukoje?

Dada wa Likoni

Yuko macho!

Mwl wa Jumapili

Basi hapo umemaliza. "Mimi nalala, wewe uko macho." Mtoto analijua neno, kila siku anaulizwa bado uko macho? Haliwezi kugeuka.

Kidagaa

Uko ni ya mahali. Sahihi ni "u macho". Kama tunafundisha watoto tuwafundishe Kiswahili fasaha.

Dada wa Likoni

Kidagaa kaka yangu, huku kwetu Mombasa kuna nyumba watasema u macho na kuna watakaosema uko macho, zote nazisikia. Mtoto wa miaka 4 ukimwambia u macho atadhani umekatika neno. Acha aseme anavyosema kila siku, hiyo u macho atakutana nayo kwenye mashairi.

Kidagaa

Sawa ila mi bado naona fasaha ni u macho.

Mama Tunu (Morogoro)

Nimelia kidogo hapa, sijui kwa nini. Wewe uko macho. Nimemsomea mume wangu amekaa kimya kisha akasema hiyo hata mimi nitasali.

Mwalimu na huu wa pili, nisamehe nilipokosea, upo sawa?

Mwl wa Jumapili

Nilipokosea ni neno la mtu mzima. Tena ni neno la kujificha, sisi wakubwa tunalipenda kwa sababu halitaji kitu. Mtoto hakosei kwa jumla, kampiga Neema. Kwa hiyo mwachie nafasi kama ile ya asante, "nisamehe, leo nime…" amalizie. Nimempiga Neema. Nimemdanganya dada. Siku hana kitu asilazimishwe, mwambie ruka twende. Ukimlazimisha atatunga dhambi ili akuridhishe, nimeona mtoto anatubu kuvunja sahani ambayo haikuvunjwa. Na jambo alilolitaja pale usije ukaligeuza kesi asubuhi. Akisema kwenye sala kwamba amekula sukari alafu wewe ukamshughulikia kesho yake, hatataja tena.

Na "walinde" achague mwenyewe watu, hata akimtaja paka. Ila idadi iwe watatu. Ukiacha bila kikomo utasaliwa majina ya mtaa mzima maana ameshagundua kwamba sala ikiendelea taa haizimwi.

Namna ya kufundisha sasa. Usianzie mstari wa kwanza, anzia wa mwisho. Usiku 3 au 4 za mwanzo wewe sali yote polepole, yeye aseme ule mmoja tu wa mwisho na amina. Akishaushika, ongeza wa juu yake, naye aseme miwili, hivyo hivyo mpaka unafika juu. Faida yake ni kwamba kila usiku anamalizia kwenye kitu anachokijua, na usingizi unapomchukua yuko kwenye mstari alioushika vizuri. Ukianzia juu anaanza vizuri alafu anapotea katikati na mwisho anabaki anamumunya. Ikichukua wiki mbili au tatu sawa tu.

Mama K wa Minesota

Jamani mimi niko mbali huku Amerika, mwanangu miaka 5 Kiswahili anakisikia ila kujibu anajibu Kiingereza. Bibi yake wa Bukoba anamsalisha kwa simu ya video kila Jumamosi, saa hizo kwetu usiku kwake asubuhi. Shida ni kwamba nikimfundisha sala ya Kiswahili anaichukulia kama wimbo, na ya Kiingereza ndiyo anayoongea na Mungu kweli. Nifanyeje, nimwache?

Mwl wa Jumapili

Mama K mimi watoto wangu wote wanaongea Kiswahili kwa hiyo lako silijui vizuri, sitaki nikudanganye. Ila ningekuwa wewe ningejaribu ile ya nafasi wazi, maana wimbo hauna nafasi wazi. Akiulizwa na bibi yake kwa Kiswahili, leo asante kwa nini? lazima atafute neno lake mwenyewe. Hata akisema asante kwa pizza ameongea.

Mama K wa Minesota

Nitamwambia bibi yake Jumamosi.

Bin Pwani (Pangani)

Nirudi kidogo. Sisi dua ya kulala ipo kwa Kiarabu, Bismika Allahumma amuutu wa ahyaa. Mtoto anaikariri chuoni, yaani madrasa, akiwa mdogo sana. Mimi utaratibu wangu nyumbani anasema Kiarabu kwanza kama alivyofundishwa kisha anasema maana kwa Kiswahili kwa mdomo wake. Anakusanya viganja, anasoma sura ya Kul-huwa-llahu na mbili zinazofuata, anapuliza viganjani anajipangusa kuanzia kichwani. Hapo kwenye kujipangusa watoto wanapapenda, mwili nao unasali.

Ila kuna jambo linanisumbua na hapa sina jibu. Maana ya ile dua neno kwa neno ni kwa jina lako nakufa na nakuwa hai. Wa miaka 4 nilipomwambia nakufa alishtuka. Basi mpaka sasa namwambia maana yake ni kwa jina lako nalala na naamka, maana ndilo linalokusudiwa, usingizi umefananishwa na mauti. Kaka yangu ananilaumu, anasema namficha mtoto neno. Mimi naona sijabadilisha Kiarabu, Kiarabu kipo pale pale, nimechagua tu aanze na upande upi wa maana.

Dada wa Likoni

Kaka yako ana hoja lakini. Ukimficha leo atalisikia chuoni kesho, na atajiuliza kwa nini baba hakuniambia.

Baba Wawili

Samahani nilikuja na swali la kulala mapema na sasa nadhani ndiyo hili hili, sikujua namna ya kuliandika. Mama yangu alifariki mwezi wa 3. Mwanangu wa kwanza ana miaka 5. Msibani kila mtu alikuwa anamwambia bibi amelala, bibi amepumzika. Tangu hapo ndiyo halali. Ananiita, baba nimelala? Anataka mkono wangu. Na nyumbani dada wa kazi alimfundisha kusali "wachawi na maadui wasinikaribie usiku huu", sasa na hilo anaangalia mlangoni.

Mama Tunu (Morogoro)

Pole sana sana Baba Wawili, na nisamehe nilivyokujibu mwanzo.

Mwl wa Jumapili

Pole ndugu yangu. Hapo kuna mambo mawili na yote ni ya maneno. La kwanza mtoto ameambiwa bibi amelala na hajaamka, kwa hiyo kwake kulala ndiko kunakochukua watu. Hakuna sala itakayomtuliza mpaka neno lile lirekebishwe. Mwambie mchana, si kitandani, kwamba bibi hakulala, bibi amekufa, mwili wake ulikuwa unaumwa sana ukaacha kufanya kazi. Anayelala anapumua na moyo unadunda. Mwekee mkono wake kifuani kwa mdogo wake akiwa amelala asikie. Atakuuliza tena na tena, mjibu maneno yale yale usibadilishe.

La pili hiyo ya wachawi iondoe leo. Usimgombeze dada, nia yake ilikuwa njema. Ila sala inayomtaja adui kila usiku inamleta adui chumbani, mtoto hakuwa anamfikiria mchawi mpaka alipoanza kumsali. Dalili ndiyo hiyo uliyoiona, akimaliza sala anaangalia mlango. Sala imtaje anayelinda, na akimaliza amwangalie huyo.

Bin Pwani (Pangani)

Allah amrehemu mama. Mwalimu kanifanya nifikiri upya. Huyu mtoto kaumizwa na mauti kuitwa usingizi, na mimi dua yangu inaita usingizi mauti. Nadhani nitaendelea na nalala na naamka mpaka akue kidogo, kaka yangu aniwie radhi.

Dada wa Likoni

Mi bado naona aambiwe, ila aambiwe mchana, kama mwalimu alivyosema. Si kitandani.

Baba Wawili

Asanteni, nitajaribu kesho Jumamosi niko nyumbani.

Mama Tunu (Morogoro)

Nimerudi baada ya wiki tatu kasoro. Sasa hivi tunasali hivi:

Mungu Baba, asante kwa …
Nisamehe, leo nime…
Mlinde … na … na …
Mimi nalala, wewe uko macho. Amina.

Alianza na wa mwisho kama mwalimu alivyosema, usiku wa pili tu akaushika. Akaniuliza kama Mungu ana macho mangapi, nikamwambia uko macho maana yake hajalala, kama mimi ninavyokuwa macho ukiwa na homa, akasema aaa. Kwenye nisamehe wiki yote ya kwanza aliruka. Jumanne iliyopita kasema "nisamehe leo nimemficha dada kiatu" na kweli kiatu tulikuwa tunakitafuta tangu asubuhi. Sikusema kitu. Asubuhi kiatu kilikuwa mlangoni.

Baba Yetu tunaisali bado, ila mchana tukiwa na bibi yake, na tunachukua neno moja moja. Litukuzwe nimemwambia ni watu wote waliheshimu jina la Mungu. Akauliza kwa hiyo jina lake ni nani? Nikamwambia sisi tunamwita Baba.

Baba Wawili mnaendeleaje?

Baba Wawili

Nilimwambia Jumamosi ile tukiwa tunaosha baiskeli. Alilia, alafu akauliza kama bibi anasikia baridi kule. Nimeshamjibu labda mara kumi na tano. Kuweka mkono kifuani kwa mdogo wake amefanya kila usiku, ye mwenyewe anataka. Kulala sasa ni saa 3 na nusu, saa nyingine saa 4. Bado anataka mlango uwe wazi, nauacha wazi. Kwenye "mlinde" anamtaja bibi, sijajua kama nimwambie amtoe.

Mwl wa Jumapili

Mwache amtaje.

Kidagaa

Hapo kanisa langu na la wengine humu tutatofautiana kuhusu kuombea waliokufa, ila na mimi nasema mwache.